Tarawehe: kwa nini rakaa 8 zinaniua miguu kuliko 20? Na mgeni wa mara ya kwanza aelekezwe vipi?

Msubiri_Mwezi
Assalaam alaykum wakuu. Mfungo unakaribia na nina jambo linanitatiza kila mwaka. Jirani na mimi kuna misikiti miwili, mmoja wanaswali tarawehe rakaa 20, mwingine rakaa 8, na yote miwili wanasoma juzuu moja kila usiku ili wahitimishe msahafu. Kwa akili ya kawaida ule wa 8 ungekuwa mwepesi, na kweli wanamaliza mapema. Lakini nikitoka pale magoti yananiuma, nyayo zinawaka moto, na kule kwa 20 natoka nimechoka kawaida tu kama mtu aliyetembea. Hii inatokana na nini?

Na la pili, mwaka huu nakwenda na shemeji yangu, amesilimu juzi juzi tu, swala tano anaziweza ila tarawehe ya jamaa hajawahi kuiona. Nianzie wapi kumwelekeza, nimpeleke kwa 20 au kwa 8? Akichoka katikati akae au atoke? Sitaki aje usiku mmoja halafu akimbie moja kwa moja.

MkaliWaFiqhi
Waalaykum salaam. Swali lako la kwanza jibu lake dogo tu, usiende kwa 8. Tarawehe ni 20, Sayyidna Umar ndiye aliyewakusanya watu wakaswali 20 na maswahaba wote wakakubali, hii ya 8 ni mambo ya juzi tu. Mtume s.a.w. mwenyewe hakuwaswalisha watu tarawehe.

FundiSaa
Mkali umeanza na mbwembwe, ila hilo la mwisho si sahihi. Bi Aisha amesimulia, na ipo kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume alitoka usiku akaswali msikitini watu wakaswali nyuma yake, usiku uliofuata wakaongezeka, halafu watu walipojaa hakuwatokea, akawaambia asubuhi kwamba amechelea isije ikafaradhishwa juu yao. Kwa hiyo aliwaswalisha kisha akaacha, na sababu ya kuacha ameitaja mwenyewe.

Hilo la Umar nalo, ukifungua Muwatta wa Imam Malik utakuta riwaya zote mbili. Moja inasema Umar aliwaamuru Ubayy bin Kaab na Tamim ad-Dari wawaswalishe watu rakaa 11, nyingine inasema watu zama za Umar walikuwa wakisimama rakaa 23, yaani 20 na witri 3. Na watu wa Madina baadaye walifika 36 ukiacha witri. Kwa hiyo 8 si ya juzi na 20 si ya juzi, tusimfukuze mtu hapa. Nakuja kwenye swali la miguu, nimalizie kazi kwanza.

Chumvi_ya_Daku
Haya, dakika tano tu na tumeshafika kwa Imam Malik 😂 mwenye uzi kauliza magoti jamani

Bint_Alfajiri
Mimi nahisi ni sakafu. Ule msikiti wa 8 una zulia jembamba juu ya marumaru? Maana nilikuwa naswali sehemu zulia lilikuwa kama karatasi, nyayo ziliwaka hivyo hivyo unavyosema, walipobadilisha zulia nikasahau kabisa kama niliwahi kulalamika.

Msubiri_Mwezi
Ukhti mazulia yote mawili ni mazito tu, na la ule wa 8 ndio jipya. Hapana, si hilo.

FundiSaa
Nimerudi. Mwenye uzi tufanye hesabu ya msikiti wako polepole, utaona mwenyewe.

Msahafu huu wa Madina tunaotumia wengi una kurasa 604, juzuu moja ni kama kurasa 20. Msomaji wa mwendo wa kati, asiyekimbia wala kuvuta sana, ukurasa mmoja unamchukua kama dakika 2. Kwa hiyo juzuu ni dakika 40 za kusoma, na hizo dakika 40 ziko palepale ukiswali 8 au 20, hakuna anayekwepa. Kinachobadilika ni jinsi zinavyokatwa. Ukizigawa kwa 20 kila rakaa ina ukurasa mmoja, unasimama dakika 2, weka nusu dakika ya Fatiha, jumla dakika 2 na nusu halafu unarukuu. Ukizigawa kwa 8 kila rakaa ina kurasa 2 na nusu, ni dakika 5, na Fatiha yake tano na nusu. Yaani kila ukisimama unasimama zaidi ya mara mbili ya yule mwingine kabla hujakunja goti.

Sasa angalia jumla. Rukuu, itidali na sijda mbili za rakaa moja tuseme ni dakika 1, tahiyatu mpaka salamu dakika 1. Kwa 8 unapata 40 za kusoma, 4 za Fatiha, 8 za rukuu na sijda, 4 za tahiyatu, jumla 56. Kwa 20 ni 40, 10, 20 na 10, jumla 80, bado hapo mapumziko ya kila baada ya rakaa 4. Kwa hiyo ni kweli wa 8 wanamaliza mapema karibu nusu saa, lakini kile walichokipunguza ndicho hasa kinachoupumzisha mwili, yaani kuinama, kusujudu na kukaa. Kusimama hawajapunguza isipokuwa zile dakika 6 za Fatiha.

Msubiri_Mwezi
Aisee FundiSaa. Yaani nilikuwa nahesabu rakaa kumbe natakiwa nihesabu kurasa. Shukran sana.

Muuguzi_Zamu
Nimeipenda hesabu ya FundiSaa, niongezee upande wa mwili kidogo maana ndio kazi yangu. Mtu akisimama wima bila kujongea, damu inashuka miguuni kwa uzito wake. Kinachoirudisha juu ni misuli ya vigimbi vya miguu, ile inakamua mishipa kila ukitembea au kukunja mguu. Ukisimama dakika 5 umeganda misuli hiyo haifanyi kazi, damu inatuama chini, miguu inajaa na kuuma na moyo unapata damu kidogo ya kusukuma kichwani. Ukirukuu na kusujudu kila dakika mbili unakuwa umekamua.

Na yuko mtu aliyefunga mchana kutwa, maji mwilini yamepungua, halafu kafuturu kashiba sana ndani ya saa moja kabla ya isha, damu nyingine imekwenda tumboni kusaga chakula. Huyo ndiye anayeanguka. Na hawaanguki hivi hivi, kuna dalili kama dakika moja au mbili kabla: mtu anapiga miayo mfululizo, jasho la baridi linamtoka kwenye paji na mdomo wa juu, sauti ya imamu inakuwa kama inatoka mbali, macho yanaingia giza pembeni. Ukiona hivyo kaa chini hapohapo, usisubiri imamu arukuu. Ukikaa kichwa kinashuka karibu na moyo na giza linaondoka. Anayejikaza ndiye anayepasuka kidevu kwenye safu ya mbele.

Kosa lingine la wageni ni kukaza magoti kwa nyuma wakidhani ndio kusimama vizuri. Goti liachie kidogo tu, halionekani hata kwa jirani yako. Na unaweza kukaza na kuachia misuli ya vigimbi na vidole vya miguu bila kunyanyua nyayo, hiyo inakamua damu kama kawaida.

Kijana_wa_Nyuma
Kwa anayetaka kujua, ile swala ya usiku mkubwa kumi la mwisho inaanza saa ngapi kwenu? Maana kwetu wanabadilisha kila mwaka na mimi lazima niamke kazini saa 12.

Chumvi_ya_Daku
@Kijana_wa_Nyuma huku bado tuko kwenye usiku wa kwanza ndugu, wewe umesharuka mpaka kumi la mwisho

MkaliWaFiqhi
Muuguzi nakuheshimu, lakini huwezi kumwambia mtu akae katikati ya swala kwa sababu ya miayo. Kusimama ni nguzo. Ukikaa bila udhuru swala imebatilika.

Ustadh_wa_Jirani
Sheikh Mkali hiyo ni nguzo kwenye faradhi kwa anayeweza. Tarawehe ni sunna. Imran bin Huswain alimuuliza Mtume s.a.w. kuhusu kuswali kwa kukaa, akaambiwa akiswali amesimama ndio bora, na akiswali amekaa anapata nusu ya ujira wa aliyesimama. Ipo kwa Bukhari. Wanazuoni wakasema hiyo nusu ni kwa anayeweza kusimama akaamua kukaa kwenye sunna, ama mgonjwa au aliyezidiwa huyo ujira wake haupungui. Kwa hiyo hata asiye na udhuru swala yake ya sunna imesihi, amepunguza thawabu tu.

Na ipo iliyo karibu zaidi na swali hili. Mtume aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akauliza ni ya nini, akaambiwa ni ya Zainab, akichoka anajishika nayo. Akasema ifungueni, mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Sasa sisi wa leo tunawanyima watu kukaa wakati kamba ilifunguliwa zamani.

MkaliWaFiqhi
Sawa sheikh, kwenye sunna nimekuelewa. Lakini zile riwaya za Muwatta alizozileta FundiSaa zinasema pia watu walikuwa wanategemea fimbo kwa urefu wa kisimamo na hawaondoki mpaka alfajiri ikikaribia. Wale hawakuketi. Himma imeshuka, tukubali.

Ustadh_wa_Jirani
Ni kweli ipo, na sipingi kwamba himma imeshuka. Lakini anayetegemea fimbo ni mtu aliyekwishazoea na amejichagulia. Mtume alipoambiwa Muadh anawarefushia watu kwenye isha alimkemea, akamtajia asome Sabbihisma na Washamsi na Wallayli, na akasema anayewaswalisha watu apunguze kwa sababu ndani yao kuna mnyonge, mzee na mwenye haja. Shemeji wa ndugu yetu ndiye huyo mnyonge.

Na kuna njia ya katikati wengi hawaijui. Bi Aisha anasimulia kwamba Mtume alipokuwa mtu mzima alikuwa anasoma akiwa amekaa, zikibaki kama aya 30 au 40 anasimama anazisoma amesimama kisha anarukuu. Kwa hiyo ukichoka kwenye ukurasa wa pili, kaa ulipo, sikiliza, ukiona msomaji anakaribia kumaliza inuka urukuu na wenzako.

Babu_wa_Safu_ya_Mwisho
Wanangu nimesoma yote. Mimi naswali kwa kiti sasa, magoti yalishakataa, basi niseme la kiti maana kila mwaka ni ugomvi. Ukikaa kwenye kiti toka mwanzo mpaka mwisho, miguu ya nyuma ya kiti iwe sawa na visigino vya wenzako, ili mabega yako yalingane na mabega ya safu. Shida ni yule anayesimama kisha anakaa wakati wa sijda tu. Akisimama sawa na safu kiti kinarudi nyuma kinamnyima wa nyuma mahali pa kuweka paji lake. Akikisogeza mbele yeye mwenyewe anatoka nje ya safu akisimama. Mashekhe wenyewe nimewasikia wanatofautiana hapo. Mimi nimeamua nakaa pembeni kabisa mwisho wa safu, nyuma yangu ukuta, simsumbui mtu. Vijana wakiniona wananiachia ile kona, Mungu awalipe.

Msubiri_Mwezi
Shikamoo babu. Hilo la kona nimelichukua, hata shemeji nitamweka pembeni ili akikaa asijione anatazamwa.

Babu_wa_Safu_ya_Mwisho
Marahaba mwanangu. Mweke pembeni lakini si peke yake. Wewe uwe ubavuni kwake, upande wa katikati, ili amuone mtu anayemjua.

Mtoto_wa_Madrasa
Naomba kupingana kidogo na hesabu ya FundiSaa. Mimi msikiti wetu ni 20 na tunatoka hoi vilevile, lakini si kwa urefu, ni kwa spidi. Hawasomi juzuu, wanasoma sura fupi, wanaanza Alhakumu rakaa ya kwanza na Qulhuwallahu rakaa ya pili, salamu, wanaingia Wal-asri na Qulhuwallahu, hivyo hivyo mpaka Tabbat. Sura kumi kwa salamu kumi, inaingia sawasawa. Ila unainuka unashuka unainuka unashuka, rukuu hujasema tasbihi moja imamu ameshasema samiallahu. Mapaja ndio yanauma, si nyayo.

FundiSaa
Hapo umenigusa, na ni kweli hesabu yangu ilikuwa ya misikiti inayohitimisha. Kwa sura fupi kisimamo ni chini ya dakika moja, mzigo wote unahamia kwenye kuinuka. Ila hiyo ya kutosema hata tasbihi moja ni tatizo kubwa kuliko mapaja. Yule mtu aliyeswali harakaharaka Mtume akamwambia rudi ukaswali kwani hujaswali, mpaka mara tatu, tatizo lake lilikuwa kutotulia kwenye rukuu na sijda. Kipimo changu mimi ni hiki, ukifika kwenye rukuu mgongo utulie kila kiungo kikae mahali pake ndio uinuke. Kama imamu hakupi hata nafasi hiyo, badilisha msikiti kabla ya kubadilisha idadi ya rakaa.

MkaliWaFiqhi
Hapo tuko pamoja kabisa. Bora 8 zilizotulia kuliko 20 za namna hiyo, nalisema mimi mwenyewe mtu wa 20.

Chumvi_ya_Daku
Wekeni tarehe jamani, leo Mkali kakubaliana na mtu 😂

Dereva_wa_Masafa
Mimi nadhani wote mmesahau miguu inavyowekwa. Kuna ndugu zetu wanapanua miguu mpaka basi ili kidole kigusane na kidole cha jirani, jirani akivuta mguu wanamfuata. Ukisimama umepanuka kuliko mabega yako dakika 5 nyonga na goti la ndani lazima liume. Mimi niliumia hivyo mpaka nikajifunza kusimama upana wa mabega tu. Mwenye uzi hebu jiangalie, kule kwa 8 si ndio wanaobana safu hivyo?

Msubiri_Mwezi
Umenipata hasa. Kule kwa 8 kweli wanagusanisha miguu, na jirani yangu wa kudumu pale ni mrefu anachukua nafasi ya watu wawili. Sasa sijui ni hesabu ya FundiSaa, au damu ya Muuguzi, au ni huyu jirani.

Ustadh_wa_Jirani
Maswahaba walikuwa wakigusanisha bega na bega na mguu na mguu, Anas amesimulia, hilo lipo. Ila lengo ni kuziba mwanya. Ukisogea mwili mzima mpaka bega likagusa bega, mguu unafika wenyewe. Anayepanua miguu anaacha mwanya juu kwenye bega, amefunga chini amefungua juu. Kwa hiyo usimkimbie jirani yako, sogea wewe na bega, utaona na yeye anakusanya miguu.

Dereva_wa_Masafa
Yule wa kwangu hakukusanya 😀 ila sawa sheikh

Muuguzi_Zamu
Vyote vitatu vinaweza kuwa kweli pamoja. Jaribu hivi mwenye uzi: usiku mmoja kule kwa 8 simama mbali na huyo bwana, magoti umeyaachia. Maumivu yakihama kutoka kwenye magoti yakabaki kwenye nyayo na vigimbi, basi jirani alikuwa na sehemu yake. Na ukiona mguu mmoja tu ndio unavimba na kuuma kwenye kigimbi, wa pili mzima, hiyo si tarawehe tena, nenda hospitali.

Bint_Alfajiri
Naomba nirudi kwa mgeni maana naona anasahaulika. Upande wetu wanawake mara nyingi hatumuoni imamu, tunafuata spika tu. Usiku mmoja alikuja dada mgeni kasimama pembeni yangu, imamu akasoma, akasema Allahu akbar, sisi wote tukashuka moja kwa moja kusujudu, yeye karukuu. Akabaki kainama peke yake anatazama chini migongo yetu, akajua amekosea, akashuka. Kabla hajafika vizuri imamu kashainuka anaendelea kusoma, naye akakaa akidhani ni baina ya sijda mbili. Akaanza kulia palepale. Ilikuwa sijda ya kisomo, ile ya kusujudu msomaji akifika kwenye aya maalumu, na hakuna aliyemwambia kabla kwamba ipo. Tafadhali mwambieni shemeji mapema.

FundiSaa
Ukhti umefanya jambo jema kuleta hilo. Na kwa wanaosoma juzuu kwa usiku unaweza kumwambia mgeni usiku wenyewe kabla. Usiku wa 1 hadi wa 8 hamna, ya kwanza inakuja usiku wa 9 mwisho wa Suratul Aaraf. Halafu 13, 14, 15, 16 zinafuatana kila usiku moja, usiku wa 17 Suratul Haj ina mbili kwa madhehebu ya Shafi, usiku wa 19 mbili, na kuendelea mpaka usiku wa 30 kuna mbili. Imamu wengi wanatangaza kabla ya kufunga swala, "rakaa ya kwanza ina sijda", ila si wote. Alama kwa asiyemuona imamu ni hii: akisema Allahu akbar, sikiliza sekunde chache. Kwenye sijda ya kisomo atainuka kwa Allahu akbar na kuendelea kusoma Qur'ani, kwenye rukuu atainuka kwa samiallahu. Na aliyerukuu kwa kutojua ashuke tu awafuate, swala yake iko salama.

Mtoto_wa_Madrasa
Na Suratu Saad usiku wa 23? Kwetu imamu hasujudu, nilipokwenda kuswali kwingine wakasujudu, nikabaki nimesimama.

Ustadh_wa_Jirani
Hiyo ni khilafu. Kwa Imam Shafi ile ni sijda ya shukrani, haifanywi ndani ya swala. Wengine wanasujudu.

MkaliWaFiqhi
Mimi naongeza adabu moja, asipite mbele ya wanaoswali. Mtume amesema anayepita angejua kilicho juu yake angesimama arubaini kuliko kupita. Mgeni akitaka kutoka asubiri mpaka mwisho.

FundiSaa
Hadithi ni sahihi, matumizi yake kidogo uangalie. Ibn Abbas alikuja Mina amepanda punda jike, Mtume anaswalisha, akapita mbele ya sehemu ya safu, akashuka akaingia kwenye safu na hakuna aliyemkanya. Wanazuoni wakachukua kwamba sutra ya imamu, yaani kizuizi kilicho mbele yake, inawatosha walio nyuma yake. Kwa hiyo mgeni aliyebanwa haja ndogo au anayehisi kichefuchefu apite baina ya safu atoke. Pa kuchunga ni pale watu wanaposwali pekepeke, mfano sunna ya baada ya isha kabla tarawehe haijaanza, hapo ndipo wageni wanakatiza wakitafuta nafasi ya mbele.

Kijana_wa_Nyuma
Mimi huwa nachelewa, nafika isha imeisha tarawehe imeanza. Naswali isha peke yangu nyuma au vipi?

Ustadh_wa_Jirani
Sasa umeuliza swali la uzi huu. Kwa madhehebu ya Shafi ingia nyuma ya imamu na nia ya isha, akitoa salamu kwenye rakaa yake ya pili wewe inuka ukamilishe mbili zilizobaki, kisha ujiunge na tarawehe. Kwa Hanafi na Maliki hawalikubali hilo, kwao uswali isha yako kwanza. Lolote kati ya hayo usiingie kwenye tarawehe na isha huna, na usikimbie msikitini ukija, tembea.

Msubiri_Mwezi
Swali la mwisho kabla sijalala. Nikimpeleka kwa 20 tukaondoka baada ya 8 ili asichoke, ni utovu wa adabu?

MkaliWaFiqhi
Si haramu, ila umejinyima. Abu Dharr amepokea kwamba anayesimama na imamu mpaka aondoke anaandikiwa kisimamo cha usiku mzima. Ukitoka kwa 8 hukuondoka naye.

Babu_wa_Safu_ya_Mwisho
Mkali nakuunga mkono kwa hadithi, kwa mgeni simkubalii. Wakati wa kuondoka upo, ni pale imamu anapotoa salamu na watu wanapumzika baada ya rakaa 4. Aondoke hapo, polepole, viatu avivae nje si kuvigonga mlangoni. Hapohapo kwenye mapumziko ndipo mgeni anywe maji, anyooshe miguu. Na asidhani zile nyiradi zinazosomwa kwa sauti baina ya rakaa ni lazima, asiyezijua anyamaze tu au amtaje Mola wake kimoyomoyo. Nimeona wageni wanatapatapa wakiziiga.

Bint_Alfajiri
Mimi nilipokuwa na mimba kubwa nilikuwa naswali 4 nimesimama, 4 nimekaa, nyingine nasikiliza. Bi mkubwa mmoja alinitolea macho kila usiku, mpaka siku imamu alipolieleza jambo la kukaa kwenye spika. Usiku uliofuata na yeye aliketi, kumbe mgongo ulikuwa unamuuma muda wote.

Dereva_wa_Masafa
Na kunuti mwambieni. Kwetu nusu ya pili ya mfungo imamu akiinuka kwenye rukuu ya witri anabaki amesimama anaomba, mgeni anashuka sijda peke yake. Wengine wanaisoma mwezi mzima na kabla ya rukuu.

Msubiri_Mwezi
Nimemuonyesha shemeji uzi huu sasa hivi. Amesema usiku wa kwanza anataka kwa 20, na ameuliza akiswali witri na imamu halafu akaamka usiku akitaka kuswali tena, witri airudie? Ustadh?

Ustadh_wa_Jirani
Hapana, hakuna witri mbili usiku mmoja, imepokewa hivyo. Akiamka aswali mbilimbili atakavyo, witri imeshapita. Au imamu akitoa salamu kwenye rakaa ya mwisho ya witri, yeye ainuke aongeze moja iwe shufwa, witri yake aibakishe ya usiku.

MkaliWaFiqhi
Hiyo ya pili mimi naona inamchanganya mgeni. Aanze na ya kwanza.

Chumvi_ya_Daku
Na jirani wa miguu mipana mmemfikia muafaka gani?